Barua Ilikuwepo Saa Moja, Saa Mbili na Nusu Haipo: POP na IMAP kwa Anayeanza

Mtu akikwambia barua pepe zake zinafutika zenyewe, subiri kidogo. Mara nyingi ataongeza neno la pili kwa sauti ya chini: "Nadhani kuna mtu kaingia kwenye akaunti yangu."

Binamu yangu, ambaye ni wakala wa forodha Dar es Salaam, alinijia na neno hilohilo. Ana anwani moja ya ofisi, ya namna ya `mizigo@example.com`, na anaisoma sehemu tatu: kwenye simu yake, kwenye laptopu ya ofisini anayoitumia pia karani wake, na kwenye tableti nyumbani usiku. Siku hiyo, saa moja asubuhi, akiwa kwenye daladala, aliona kwenye simu barua ya mteja iliyoambatanishwa hati ya shehena. Kwa kuwa kiambatisho kilikuwa kizito, akasema ataifungua akifika. Saa mbili na nusu alishuka, akatoa simu mfukoni, na barua haikuwepo. Haikuwa kwenye taka wala kwenye spamu. Karani akamwambia, "Mbona mimi ninayo hapa, bosi?" Kweli, kwenye laptopu ilikuwepo.

Mwezi huo alikuwa amebadilisha nywila mara tatu, na kila mara barua ziliendelea kupotea. Karani wa watu alianza kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Hapakuwa na mwizi. Laptopu ilikuwa imeunganishwa kwa POP na simu imeunganishwa kwa IMAP, na vifaa hivyo viwili vilikuwa vinafanya kila kimoja kazi yake sawasawa kabisa. Tatizo ni kwamba kazi zenyewe zinapingana.

Kwanza, barua iko wapi?

Tuanze hapa, maana wengi hukwama hapa. Mtu akikuandikia barua pepe, haiji moja kwa moja kwenye simu yako. Inafikia kwenye seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana katika jengo la kampuni inayokuhudumia. Humo una sehemu yako, na hiyo ndiyo akaunti yako. Barua ikishawekwa humo, kazi ya aliyetuma imekwisha, hata kama simu yako imezima chaji siku tatu.

Kwenye simu, laptopu na tableti una programu ya kusomea: Outlook, Thunderbird, Mail ya Apple, au programu ya Gmail. Programu hiyo lazima iongee na seva ili ikuletee barua, na ili waelewane panahitajika lugha waliyokubaliana. POP ni lugha moja. IMAP ni nyingine. Zote mbili ni za kupokea, na ukifungua mpangilio wa akaunti utaiona mojawapo mahali palipoandikwa "Incoming server".

Hapo nifute dhana moja mapema. Kuna watu wanaoamini POP ni ya kupokea na IMAP ni ya kutuma. Sivyo. Kutuma kuna lugha yake ya tatu, SMTP, ambayo huandikwa kwenye "Outgoing server", na haibadiliki hata ukihama kutoka POP kwenda IMAP. Ukisikia mtu anasema "naweza kupokea lakini kutuma kunagoma", POP na IMAP hazihusiki.

POP: ufunguo, kapu na safari ya posta

Jina lenyewe linatueleza. Herufi mbili za mwanzo za POP zinasimama badala ya neno la Kiingereza la posta, na sisi tuliokulia kwenye S.L.P. hatuhitaji maelezo marefu. Hakuna tarishi anayepita nyumba kwa nyumba. Una sanduku, una ufunguo, unakwenda posta, unafungua, unazoa barua zote, unatia kapuni, unafunga, unarudi nazo nyumbani. Sanduku linabaki tupu. Barua sasa ziko kwenye meza yako, na atakayekwenda posta baada yako akiwa na ufunguo wa pili atakuta vumbi.

Hati ya kwanza ya POP ilitoka mwaka 1984. Wakati huo mtu alikuwa na kompyuta moja, aliunganisha kwa laini ya simu inayohesabu kila dakika, na nafasi kwenye seva ilikuwa ghali. Ilikuwa busara kuingia haraka, kuzoa, kukata. Toleo tunalolitumia hadi leo, POP3, ni la mwaka 1988, na wazo lake halijabadilika.

Ukisikiliza programu na seva zikiongea kwa POP, mazungumzo yao ni mafupi kama ya watu wasiopenda soga. Mistari yenye `+OK` ni majibu ya seva:

```
USER mizigo@example.com
+OK
PASS ********
+OK
STAT
+OK 3 1482210
RETR 1
+OK
DELE 1
+OK
QUIT
+OK
```

Soma nami. Programu imejitambulisha, imetoa nywila, imeuliza kuna nini. Seva imejibu: barua 3, jumla baiti 1,482,210, yaani karibu megabaiti moja na nusu. Programu ikasema nipe ya kwanza, ikapewa barua nzima pamoja na viambatisho vyake. Ikasema ifute. Ikaaga.

Sasa angalia kisichokuwemo. Hakuna neno la kusema "barua hii imesomwa". Hakuna neno la kusema "ihamishie kwenye folda ya Wateja". Hakuna neno la kusema "hii nimeijibu". Si kwamba programu haikuyatumia. Kwa lugha ya POP maneno hayo hayapo kabisa. Seva ya POP haijui maana ya barua iliyosomwa. Kwa hiyo alama ya kusomwa, folda ulizotengeneza, na nakala za barua ulizotuma vinakaa ndani ya kifaa kimoja tu, kile ulichokuwa umekishika. Ukijibu kwa laptopu, simu haitajua mpaka Kiyama.

Jambo moja dogo ambalo limewahi kunichanganya mimi mwenyewe: ile `DELE` haifuti papo hapo. Inaweka tu alama, na ufutaji unafanyika programu inapoaga kwa `QUIT`. Mtandao ukikatika katikati, seva haifuti kitu. Safari ijayo barua zilezile zinaweza kuletwa tena, na ndiyo sababu wenye intaneti ya kukatikakatika na programu za zamani wakati mwingine hukuta barua moja mara tatu.

IMAP: faili la masjala

Kwa IMAP tuache posta, twende ofisi ya serikali. Humo kuna masjala, na masjala ina mafaili. Faili halitoki. Ukitaka kulisoma unaomba, unaletewa, unasoma, unaandika pembeni kwamba umeliona, na linarudi kwenye rafu yake. Akija afisa mwingine baada ya saa moja, analikuta faili lilelile likiwa na maandishi yako. Mkiwa maafisa watatu, mnasoma faili moja, wala hakuna mwenye lake.

Afisa anaweza kuomba nakala ya kurasa fulani akasome mezani kwake. Simu yako hufanya vivyo hivyo: inahifadhi nakala ya barua ili uweze kuzisoma hata bila mtandao. Lakini nakala hiyo si barua yenyewe. Ni kivuli cha kilichoko masjala, na kila simu inapoungana tena na seva, kivuli hurekebishwa kifanane na faili.

Kwa hiyo IMAP ina maneno ambayo POP haina. Ukifungua barua kwenye simu, programu huiambia seva iweke alama iitwayo `\Seen`, na tableti ikiuliza baadaye huikuta alama ipo, kwa hiyo barua haioneshwi tena kwa herufi nzito. Ukijibu, kuna alama ya `\Answered`. Folda ziko kwenye seva. Barua uliyotuma kwa laptopu hupandishwa nakala yake kwenye folda ya Sent iliyoko kwenye seva, na usiku unaikuta kwenye tableti.

Wengi hudhani IMAP ni ya juzi na POP ni ya mababu. Zimepishana miaka miwili tu. Mark Crispin alianza kuitengeneza IMAP akiwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na tableti. Ila ni simu za mkononi ndizo zilizotufanya sote tuwe na vifaa vitatu kwa sanduku moja, na hapo POP ikaanza kutuumiza.

Sasa turudi kwenye daladala

Saa moja asubuhi barua ya mteja iko kwenye seva. Simu ya binamu inaongea IMAP, inaiona, inamwonesha jina la mtumaji na maneno ya mwanzo. Kiambatisho haijakishusha. Programu nyingi za simu haziteremshi viambatisho vizito mpaka ukibonyeze, na wewe mwenye bando la kupimapima huwa unazishukuru kwa hilo.

Saa mbili karani anafungua laptopu. Outlook inaamka, inaongea POP: zipo ngapi, nipe zote, zifute, kwaheri. Seva imekuwa tupu. Barua ya mteja sasa ipo sehemu moja tu duniani, kwenye diski ya laptopu ile.

Saa mbili na nusu binamu anafungua simu. Simu inauliza seva kuna nini. Seva inajibu hakuna kitu. Simu, kwa uaminifu wote wa IMAP, inafuta kivuli chake ili kifanane na faili. Barua inayeyuka mbele ya macho yake. Na kwa kuwa aliyefuta ni POP, haikupita kwenye folda ya taka. POP haijui taka ni nini.

Tableti nyumbani haikuwahi hata kuiona. Ndiyo maana binamu alikuwa akilalamika pia kwamba tableti "haileti barua za mchana". Ilikuwa inaleta kila kilichokuwepo, ambacho ni zile zilizoingia baada ya karani kufunga laptopu jioni.

Nywila alizobadilisha hazikuwa na msaada wowote, maana kila alipobadilisha, aliiandika mpya kwenye laptopu kwa mkono wake mwenyewe.

Unajuaje ni hilo na si jingine?

Njia ya kwanza ni kuitazama seva yenyewe. Fungua akaunti yako kwa kivinjari, yaani Chrome au Firefox, kwenye ukurasa wa barua wa kampuni inayokuhudumia. Unachokiona pale ndicho kilichoko kwenye seva. Kama laptopu ina barua za miaka mitano na kwenye kivinjari kuna za leo tu, kuna kifaa kinachozoa. Kwa binamu tulikuta barua 4.

Ya pili ni kuzima kifaa unachokishuku. Tulimwomba karani asifungue Outlook siku nzima ya Jumamosi. Barua zote zilibaki kwenye simu mpaka usiku, na hapo karani akasalimika.

Ya tatu ni kufungua mpangilio wa akaunti na kusoma namba ya mlango, ile inayoandikwa "Port". Ukikuta 995 au 110, hiyo ni POP. Ukikuta 993 au 143, ni IMAP. Namba kubwa katika kila jozi ndiyo yenye usimbaji tangu mwanzo, na ndiyo unayopaswa kuitumia. Usitegemee jina la seva. Gmail wanatofautisha, `pop.gmail.com` na `imap.gmail.com`, lakini kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti na barua za biashara ndogo hutoa jina moja la `mail.example.com` kwa lugha zote mbili, na fundi aliyefunga laptopu zamani anaweza kuwa alichagua POP bila kukuuliza.

Kama unatumia Gmail ndani ya programu ya Gmail yenyewe, makala hii haikuhusu sana. Programu hiyo ina njia yake ya kuongea na seva za Google. POP na IMAP zinaingia pale unapoisoma Gmail kupitia Outlook au Thunderbird, au unapotumia barua ya ofisi yenye jina la kampuni yako.

"Lakini mimi nimeweka isifute"

Hapa kuna nusu ya dawa ambayo watu huidhania kuwa dawa nzima. Kwenye programu nyingi za POP kuna kisanduku cha kutia tiki. Kwenye Outlook ya Windows kimeandikwa "Leave a copy of messages on the server". Ukikitia tiki, programu inazoa nakala lakini haisemi `DELE`. Barua inabaki kwa ajili ya wengine. Kwa hiyo si kweli kwamba POP lazima ifute, ni mpangilio.

Ila soma mstari ulio chini yake. Outlook huwa na tiki ya pili, "Remove from server after 14 days", au idadi nyingine ya siku. Maana yake ni kwamba barua zitapotea vilevile, kwa kuchelewa. Hili ni baya zaidi kulitambua, kwa sababu barua ya leo iko salama kila kifaa, na wewe unasahau kabisa jambo hilo mpaka siku unayotafuta ankara ya mwezi uliopita kwenye simu.

Hata ukitoa tiki hiyo ya pili, matatizo mengine yanabaki. POP bado haina neno la "imesomwa". Ukiunganisha vifaa vyote vitatu kwa POP isiyofuta, kila kifaa kina daftari lake la barua kilizokwisha kuzichukua. Utasoma barua kwenye simu, kisha laptopu ikuoneshe kuwa ni mpya, kisha tableti nayo. Ukizifuta 30 za matangazo kwenye simu, 30 zilezile zinakusubiri nyumbani. Na siku utakayonunua simu mpya, itazoa zote tangu mwanzo, kila moja ikilia kama imeingia sasa hivi.

Kuhama bila kupoteza kitu

Kosa kubwa ninaloliona ni hili: mtu akishaelewa, anakimbilia laptopu, anafuta akaunti ya POP, anaweka IMAP, halafu anashangaa Inbox ni nyeupe. IMAP inaonesha kilichoko kwenye seva, na POP ilikwisha kuimaliza seva. Barua za miaka yote zilikuwa kwenye diski ya laptopu, ndani ya akaunti aliyoifuta. Wakati mwingine faili bado lipo na fundi anaweza kulifungua tena; wakati mwingine programu iliuliza kama ifute na data, na yeye akabonyeza ndiyo.

Kwa binamu tulikwenda taratibu, jioni mbili.

Kwanza tuliziba tundu. Kwenye laptopu, ndani ya mpangilio wa akaunti ya POP, tulitia tiki ya kubakiza nakala na kutoa ile ya siku 14. Hii haikurudisha barua hata moja, lakini tangu dakika ile hakuna mpya iliyopotea kwenye simu.

Pili, kabla ya kugusa chochote, tulinakili faili la barua la Outlook kwenye diski ya nje. Ni faili lenye jina linaloishia `.pst`, na la kwake lilikuwa na gigabaiti 4.

Tatu tuliongeza anwani ileile kwa mara ya pili kwenye Outlook, safari hii kama IMAP, mlango 993. Outlook ya mezani haina kitufe cha kugeuza akaunti ya POP iwe IMAP. Inabidi uiongeze upya pembeni. Basi upande wa kushoto zikaonekana akaunti mbili za jina moja, moja imejaa na moja ina barua za siku mbili. Ili karani asichanganyikiwe, ile ya zamani tulizima isichukue barua mpya tena.

Nne ndiyo kazi yenyewe. Unachagua barua kwenye akaunti ya zamani na kuzinakili kwenye folda za akaunti mpya. Nasema kunakili kwa makusudi. Ukiburuta tu kwa kipanya, mara nyingi unahamisha, na intaneti ikikatika katikati hujui zipi zimefika na zipi hazijafika. Ukinakili, za zamani zinabaki palepale mpaka uridhike. Kila unayonakili inapandishwa kwenye seva kwa intaneti yako, kwa hiyo usifanye hivi kwa bando la siku.

Hapo tukagonga mwamba. Barua zilikuwa gigabaiti 4, na sanduku lake kwenye seva lina nafasi ya gigabaiti 2. Wakati wa POP hakuwahi kulifikiria hilo, maana seva ilikuwa tupu kila asubuhi. Tulifanya hesabu: barua za miaka miwili ya karibuni, pamoja na folda ya Sent, zilikuwa karibu megabaiti 1,100. Tukapandisha hizo tu, mwaka mmoja kwa mara moja, na kila mwaka ulipokwisha tulifungua kivinjari kuhakikisha idadi inalingana. Za zamani zaidi zilibaki kwenye laptopu kama folda za kawaida zisizounganishwa na seva. Zinasomeka pale tu, na binamu alisema mizigo ya mwaka 2018 hahitaji kuisoma akiwa kitandani.

Akaunti ya POP tuliiondoa wiki mbili baadaye. Zile wiki mbili hazikuwa na sababu ya kiufundi. Ni mimi tu, siwaamini binadamu wanaosema "nimeshaangalia, zote zipo".

Deni la IMAP

Sasa niseme ubaya wa IMAP, kwa sababu mafundi wengi hukuhamisha na kuondoka bila kukueleza.

IMAP si nakala ya akiba. Mtu anaposema "barua zangu ziko salama, ziko kwenye vifaa vitatu", amekosea hesabu. Ziko sehemu moja, kwenye seva, na vifaa vitatu vina vivuli. Mtoto akicheza na tableti akafuta folda nzima, imefutika kwenye simu na laptopu pia, mara vifaa vinapoungana na mtandao. Kampuni ya seva ikikufungia kwa kutolipa, vivuli vyako ndivyo vinavyobaki, na kwenye simu mara nyingi ni vya siku za karibuni tu. Kwa POP kosa la namna hiyo lilibaki kwenye kifaa kimoja.

Kwa hiyo POP haijafa, na sina ugomvi nayo. Mwenye kompyuta moja, asiyesoma barua kwenye simu, na mwenye sanduku la megabaiti 200 alilopewa bure, POP inamfaa vizuri. Hata binamu sasa anayo: kompyuta ya zamani nyumbani inawashwa mara moja kwa wiki, inazoa kwa POP iliyotiwa tiki ya kubakiza nakala, bila siku za kufuta, na haifanyi kazi nyingine. Hiyo ndiyo akiba yake. Barua ikifutwa kwenye simu Jumatano, lakini ilikuwepo Jumapili kompyuta ile ilipowashwa, inabaki kule. Iliyoingia Jumatatu na kufutwa Jumanne haitaiona kamwe, na hilo analijua.

Kuhusu bando, hofu ya kwamba IMAP inalila sana inategemea umeipangaje. POP hushusha kila barua nzima, na kiambatisho cha megabaiti 8 usichokihitaji kimo. Simu ya IMAP inaweza kuiacha hiyo megabaiti 8 kwenye seva. Lakini laptopu ya IMAP iliyopangwa kuhifadhi kila kitu kwa kusoma bila mtandao itashusha yote, na ukiiunganisha kwa mara ya kwanza kupitia simu yako utajuta.

Miezi mitatu baada ya kuhama, binamu alipiga simu tena. Wateja walikuwa wanarudishiwa barua zao zenye maneno "mailbox full". Gigabaiti 2 zilikuwa zimejaa. Nilimwambia akae kwenye laptopu, apange barua kwa ukubwa, na aanze na zile 50 za juu. Zilikuwa picha za makontena alizotumiwa zikiwa hazijapunguzwa, megabaiti 10 hadi 15 kila moja. Alihifadhi picha kwenye diski ya nje, akafuta barua. Nafasi haikurudi. Akafikiri seva imeharibika, mpaka nilipomuuliza kama amemwaga na folda ya Trash, maana kwenye IMAP taka nayo iko kwenye seva na inahesabiwa. Alipoimwaga, megabaiti 640 zilirudi, na barua ya kwanza kuingia ilikuwa picha nyingine ya kontena.